Rafu nusu tupu, picha imejaa: hapo ni promosheni au ni udanganyifu?

Wiki mbili hizi hapa Amu, mji wa Lamu, watu wamebishana sana kuhusu picha moja ya duka la vyombo, na mimi nimebishana nao barazani mpaka nikaona bora nikae niandike yote kwa pamoja manake kila mtu anazungumzia jambo lake. Picha yenyewe ni ya rafu ya chuma ya ngazi nne, imejaa masinia ya alumini, mabirika na sufuria mpaka hakuna pa kutia mkono. Ukienda dukani unakuta ngazi mbili zina vitu na mbili ziko wazi. Vile vyengine viliongezwa kwa simu. Alieposti anasema hio ni promosheni kama promosheni nyengine. Walioenda wakakuta nusu ni hewa wanasema wametapeliwa. Na kuna kundi la tatu linasema picha zote za biashara siku hizi zinaeditiwa, sasa kelele za nini.

Nina sababu ya kulishika hili. Mmoja wa walioenda ni shangazi yangu, na ametoka Faza, kisiwa cha Pate.

Kwanza tuelewane maneno. Promosheni ni kumfanya mtu akione kitu ulichonacho na akione kwa uzuri wake. Udanganyifu ni kumfanya mtu aamini jambo ambalo haliko, halafu akaamua kitu kwa kuamini hivo: akatoa pesa, akasafiri, akaacha duka jengine. Na nikisema kuongezea picha namaanisha kutia ndani ya picha bidhaa ambazo kamera haikuziona. Kuongeza mwangaza au kufuta waya uliopita ukutani siuhesabu hapa.

Sasa tuanze na kitu ambacho kila mwenye duka anakifanya bila simu yoyote. Stoki ikipungua unavuta vitu mbele. Una mikebe 12 ya maziwa ya unga kwenye rafu inayobeba 40, huiwachi kule nyuma gizani, unaipanga yote ukingoni, lebo zikitizama nje, na rafu inaonekana imejaa. Duka kubwa za Mombasa zina vijana wanaofanya kazi hio kila jioni. Hakuna aliewahi kulalamika, na sababu ni rahisi: mteja amesimama pale pale. Akitaka kujua nyuma kuna nini anatia mkono. Kila mkebe anaouona anaweza kuushika akauweka kwenye kikapu. Mpangilio umesaidia jicho lakini haujamnyima njia ya kuhakikisha.

Picha haina nyuma. Huwezi kutia mkono. Mteja anachopata ni kile tu ulichomuonyesha, na hapo ndo mzigo wote wa ukweli unahamia kwa alieipiga.

Nilimuuliza yule kijana alieitengeneza, ni mpwa wa mwenye duka na ni mtu mzuri, akanionyesha bila kuficha. Mambo aliyoyafanya ni mawili na watu wanayachanganya. Ngazi ya chini alinakili: alichukua sinia moja ambalo liko kweli akalibandika mara kadhaa. Ngazi ya juu alitumia ile ya akili bandia, unazungushia kidole sehemu iliyo tupu, unaandika unataka nini, unangoja sekunde chache, inakuletea picha tatu nne uchague. Yeye aliandika ajaziwe mabirika na sufuria.

Ya kwanza inadanganya idadi. Sinia ni lako, umesema tu unayo mengi kuliko uliyonayo. Ya pili inakwenda mbali zaidi na wengi hawajui, manake ile programu haijui stoki yako. Haijaingia stoo, haijaona risiti ya mzigo. Imefunzwa kwa picha nyingi mno kwa hio inajua rafu ya vyombo kwa kawaida huwa na sura gani, basi inachora kitu kinachofanana. Kwenye picha hii imeweka birika lenye maua ya buluu shingoni ambalo hakuna muuzaji yeyote wa Langoni wala Mkomani anayeliuza. Shangazi yangu alilitaka lile birika. Aliliulizia kwa jina la maua.

Sasa nieleze safari yake manake ndani yake ndo jibu liko.

Shangazi anapikia harusi. Alikuwa na harusi ya watu wa mtaani kwao na alihitaji masinia makubwa 20 ya pilau, sinia moja watu watano, na alitaka yawe sawa manake yakipangwa kwenye mkeka yanaonekana. Akaona picha kwenye status ya WhatsApp, bei imeandikwa shilingi 850 kwa sinia. Akahesabu kwa macho akapata zaidi ya 20. Hakupiga simu kuuliza idadi, na kwa nini apige wakati anaziona? Kutoka Faza kuja Amu sio kuvuka barabara. Unapanda boti, mnapita mlango wa bahari wa Mkanda, na Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa, kwa hio safari inafuata maji, haifuati saa yako. Akatoka alfajiri.

Akafika dukani akamsalimu mzee, akauliza masinia. Yakatolewa 7.

"Kaka, na yale mengine yako stoo?"

"La dada yangu, haya ndo yaliyobaki. Mzigo uko Mombasa, inshallah Jumamosi utaingia."

"Lakini picha nimeona yamejaa."

Mzee akamtizama mpwawe, mpwa akatizama simu.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Shangazi akachukua yale 7 kwa 5,950 kisha akaanza kuzunguka Usita wa Mui duka kwa duka mpaka akapata 13 mengine ya saizi ndogo kidogo, kwa 950 moja, jumla 12,350. Ametumia 18,300 mahali alipotoka nyumbani akijua atatumia 17,000. Hio 1,300 sio kubwa sana. Lakini alipomaliza kuzunguka boti ya kurudi ilikuwa ishaondoka, akalala kwa jamaa, siku nzima ya kutayarisha viungo ikapotea, na masinia hayakufanana.

Tizameni vizuri ni kitu gani hasa kilichomuumiza. Sinia alilouziwa ni zuri. Bei ni ile ile ya kwenye picha. Hakuna mtu aliemla senti. Kilichomuumiza ni uamuzi wa kupanda boti, na uamuzi ule aliufanya kwa sababu ya idadi aliyoiona. Angejua ni 7 asingetoka, au angetoka akiwa ameshampigia mtu mwengine amuwekee 13.

Kwa hio mimi kipimo changu ni hichi, na nimekijaribu kwa mifano mingi kikasimama: chukua kile ulichokibadilisha, mwambie mteja ukweli wake, halafu jiulize angebadilisha anachotaka kufanya? Kama habadilishi kitu uko kwenye promosheni. Kama anabadilisha, umeshavuka.

Tukijaribie pamoja. Umeongeza mwangaza kwa sababu duka lako liko ndani ya kichochoro na jua haliingii. Mteja akijua duka lina giza bado atakuja kununua sinia, sinia ni lile lile. Ni promosheni. Umeongeza mwangaza mpaka alumini ya kawaida inang'ara kama stili? Hapo mwenye kutaka stili angejua asingekuja, kwa hio hata mwangaza unaweza kuvuka. Umefuta kalenda kuukuu ya ukutani, sawa, hauuzi kalenda. Umetia chungu cha maua pembeni ya rafu kupendezesha, sawa vilevile. Umetia masinia 13 ambayo huna, na unauza masinia, hapana.

Na sasa iko mifano miwili ambayo ndo ilinifanya nibadilishe fikra zangu, manake mwanzo na mimi nilikuwa nasema kosa ni kuediti.

Mfano wa kwanza. Mtu ana duka la vyakula, rafu ya dukani imebaki na paketi 10 za unga lakini stoo nyuma ana maboksi mengi hayajafunguliwa, paketi 200 na zaidi. Amepiga picha, rafu inaonekana imekauka, akaijaza kwa simu kwa kunakili paketi ile ile. Picha ni ya kutengeneza, lakini inachomwambia mteja, kwamba unga upo wa kutosha, ni kweli. Mteja akija kuchukua paketi 50 anazipata. Mimi siwezi kumuita huyu muongo. Ningemwambia tu amtume kijana stoo akapange rafu kisha apige picha, ni dakika kumi, lakini hajamdhulumu mtu.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwenye duka ana picha halisi kabisa, haijaguswa hata rangi, aliipiga siku mzigo ulipoingia miezi mitano nyuma, punda wamepanga foleni mlangoni wanateremshwa maboksi na rafu zimejaa mpaka juu. Leo rafu ziko nusu na yeye anaposti picha ile ile na kuandika "karibuni". Hajaediti chochote. Na mtu wa Kizingitini atakaepanda boti kwa picha ile atafika akute kile kile alichokikuta shangazi yangu.

Ndo nikaelewa udanganyifu hauko ndani ya simu. Uko kwenye kile picha inachomwambia mteja kuhusu leo. Kuediti kumeifanya kazi hio iwe rahisi na ya bure, zamani ungehitaji fundi wa studio, sasa ni kidole na sekunde chache, lakini jambo lenyewe ni la kale.

Ni la kale sana. Wengi wetu tumesoma chuoni hadithi ya mnyama wa maziwa. Mtu anataka kumuuza kondoo au ngamia wake, basi siku kadhaa hamkami, chuchu zinajaa, kiwele kinavimba, mnunuzi anadhani huyu ana maziwa kila siku kiasi hichi. Mtume (s.a.w.) amekataza, na akampa mnunuzi hiari baada ya kumkama: akiridhia abaki nae, asiporidhia amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Angalia ilivyo sawasawa na kesi yetu. Muuzaji hakusema neno la uongo. Hakutia kitu bandia. Maziwa yale ni ya kweli na kiwele ni cha kweli. Amepanga tu kitu kionekane kimejaa kuliko kawaida yake, na mnunuzi akaamua kwa kuona. Kwa hio anaesema "mimi sikuandika uongo wowote, niliweka picha tu" hoja yake ilishajibiwa kitambo.

Kuna hoja nyengine ninazozisikia barazani. Moja ni hii ya kwamba mzigo unakuja, kwa hio picha inaonyesha duka litakavyokuwa Jumamosi. Sisi wa kisiwani tunajua mzigo unaokuja ni nini. Lori litoke Mombasa, lipite Garsen, lifike Mokowe, maboksi yashuke jetini, yapandishwe boti, yavuke, yapande punda. Kila hatua ina ya kwake. Mzigo unaokuja ni habari nzuri na mteja ana haki ya kuijua kama habari ya mzigo unaokuja. Andika unakuja. Mwenye harusi Jumapili atangoja, mwenye harusi Ijumaa hatangoja, na wote wawili umewaheshimu.

Nyengine ni hii: "nimeandika chini kwamba picha ni ya mfano." Haya, maneno hayo yanafanya kazi mahali fulani. Mtu anauza biriani kwa oda, akaweka picha ya sinia la biriani akaandika picha ya mfano, kila mtu anaelewa kwamba lake litapikwa baadae. Lakini picha ya rafu ya duka lako, na kibao cha duka lako kinaonekana juu, haiwezi kuwa mfano wa kitu chengine. Inasema hapa ndo dukani kwangu. Na maneno madogo ya kijivu pembeni hayawezi kushindana na rafu nzima iliyojaa, jicho limeshasoma.

Ya tatu ndo yenye uzito na sitaki kuipuuza. Mzee mwenyewe aliniambia, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, rafu tupu inafukuza watu. Wakiona nusu wanasema fulani amefilisika, hata kile kilichopo hawaji kukinunua." Na ni kweli. Duka likionekana jepesi watu wanaanza kunong'ona, wenye kukukopesha mali wanaanza kudai mapema, na duka linakufa kwa maneno kabla halijafa kwa hesabu. Mimi naelewa kabisa kwa nini mtu anaogopa kupiga picha ya ngazi mbili wazi. Ila sio lazima upige picha ya rafu. Hilo nalirudia chini.

Upande wa sheria nao watu wanadhani ni kitu cha kampuni kubwa za Nairobi. Katiba yenyewe kifungu cha 46 imeagiza iwepo sheria ya kufanya matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya heshima. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 12, inakataza kutoa taarifa ya uongo au ya kupotosha, na kati ya mambo iliyoyataja ni kutia chumvi kwenye jambo la msingi, au kuacha kulitaja, kwa njia inayodanganya au inayoelekea kudanganya. Shikeni hayo maneno mawili. Jambo la msingi ni lile lile la kipimo changu, jambo ambalo lingembadilisha mteja. Na "inayoelekea kudanganya" maana yake haingojwi mpaka mtu aumie ndo iitwe kosa. Kifungu cha 16 kinampa mnunuzi haki ya kuvunja makubaliano aliyoyaingia kwa sababu ya udanganyifu wa aina hio, mradi atoe notisi ndani ya mwaka 1.

Kwa shangazi sheria hio ina mpaka wake, niseme ukweli. Yale masinia 7 aliyanunua akiwa ameshajua ni 7, aliyaona, akayakubali. Biashara ile ni halali. Kilichopotea ni safari na siku. Ingekuwa amelipia 20 kwa M-Pesa akiwa Faza, halafu akatumiwa 7, hapo ingekuwa habari nyengine kabisa.

Na jambo moja la kuangalia sana: picha ile ile ikienda kwa mtu mwengine inabadilika uzito. Nimesikia mtu anasema hii picha itanifaa hata kuombea mkopo, waone duka lina mali. Jamani, hapana. Mteja wa sinia anaumia boti na siku. Anaekukopesha akitizama rafu anatizama dhamana yake, anatoa pesa kwa kuhesabu kile kilichoko pale. Ukimpelekea rafu ya kuchora ili atoe pesa, hio tayari ni kupata mali kwa njia ya uongo, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 313, na kifungo chake ni hadi miaka 3. Vivyo hivyo ukiwa unamuuzia mtu duka pamoja na stoki yake. Kijana alietengeneza picha ya status hakufikiria huko, lakini picha haina mipaka, ikishatoka inatumwa.

Watu wananiuliza utajuaje. Nitaeleza kile nilichokiona kwenye hii moja baada ya kuikuza. Ngazi ya chini sinia la pili lina kibonyeo kidogo ukingoni, upande wa kulia juu, mahali mshale wa saa ungesimama saa nane. Sinia la tatu lina kibonyeo hicho hicho. La tano pia, na la sita, na la nane. Masinia matano hayawezi kuanguka namna moja. Kisha kivuli: mlango wa duka uko kulia, masinia ya kweli kivuli chao kinalala kushoto, yale ya ngazi ya juu kivuli kimeshuka chini moja kwa moja kama taa iko juu yao, na taa haiko. Boksi moja nyuma lina maandishi ambayo ukiwa mbali unasoma kama Kiingereza, ukikaribia sio lugha yoyote. Na ukingo wa rafu ya chuma, ambao ni mstari ulionyooka, umepinda kidogo pale birika la maua lilipokaa.

Lakini msiweke imani yote kwenye macho. Ukipokea picha kupitia WhatsApp imeshabanwa, vitu vidogo kama kibonyeo vinafifia, na zile taarifa za ndani za picha kama tarehe iliyopigwa nazo huwa zimeondolewa. Halafu hizi programu zinazidi kuwa nzuri, makosa ya maandishi na vivuli yanapungua. Na ile picha halisi ya miezi mitano nyuma huwezi kuikamata kwa kutafuta kibonyeo, haina kosa lolote ndani yake.

Kinachokamata zote mbili ni swali. Uliza idadi, na uulize kwa kuandika: "Masinia makubwa yako mangapi leo?" Akijibu 7, umejua. Akijibu 20 na hana, sasa sio picha tena, ni maneno yake yenye tarehe na saa, na hayo ndo utakayoshika ukihitaji kudai. Kwa oda kubwa muombe akurekodie video fupi, apite na simu kutoka mlangoni mpaka kwenye rafu bila kukata, na atie mkono nyuma ya safu ya mbele. Sekunde ishirini zinatosha. Mwenye mali hakasiriki kuombwa hivo, anaekasirika nawe umeshapata jibu.

Sasa kwa mwenye duka aliebaki na vitu vichache. Nilikaa na mzee na mpwawe tukajaribu. Tukayashusha masinia 4 ya aina nyengine, manake yale 7 yalishauzwa, mabirika 6 na sufuria za seti moja. Tukatandika mkeka mlangoni asubuhi ambapo jua linaingia pembeni, tukavipanga, sinia moja limesimamishwa nyuma ili lishike mwanga, na simu ikawa karibu kabisa, rafu haionekani. Vitu vinne kwa karibu vinajaza picha kuliko ishirini kwa mbali. Hakuna aliyeweza kuangalia picha ile akasema duka limekufa, kwa sababu hakuna nafasi tupu ndani yake, na hakuna aliyedanganywa kwa sababu kilichoko ni kilichoko. Mpwa akaongeza mwangaza kidogo na kunyoosha picha. Nikamwambia hio fanya upendavyo.

Maneno ya chini ndo tulibishania. Mzee hakutaka kuandika idadi, akasema utajitangaza umaskini. Mpwa ndie aliyemgeuza, alimwambia, "Ami, ukiandika yamebaki manne, anayeyataka atakimbia. Asipoyakuta atajua yameuzwa, hatasema tumemdanganya." Mimi nikaongeza sharti moja, kwamba yabaki manne kweli, manake kuandika yamebaki manne na stoo kuna arubaini ili watu wapaparike ni ule ule mchezo umegeuzwa upande wa pili.

Wakaposti saa tatu asubuhi: "Masinia yamebaki 4, 850. Mabirika 6. Mzigo mpya wa masinia 30 unatarajiwa Jumamosi, ukifika tutaweka picha siku hio hio. Wa Pate, Siyu, Faza, pigeni kabla ya kupanda boti, tunakuwekea."

Shangazi aliiona. Akaandika, "Niwekee 13 ya ule mzigo, saizi kubwa, ukishafika niambie niangalie maji." Jumatatu akatumiwa picha ya maboksi kwenye mgongo wa punda, na ya pili yako sakafuni yamefunguliwa. Akayahesabu kwa kidole, akapiga simu.